Katoni Zilizovimba Njiani

Ankara nyingi za usafirishaji zinazofika Butembo hazina kosa la kuzidisha wala kujumlisha. Kilo zidisha kwa bei, ongeza gharama za mpakani, na jumla inatoka ileile iliyoandikwa chini. Mwenye mzigo akishaona hesabu imekaa sawa, analipa. Lakini bei aliyopewa kwa kawaida haiguswi, kwa sababu anaikumbuka. Kinachoguswa ni idadi ya kilo, na hiyo wachache wanaijua.

Tuchukue mama anayeuza sandali za plastiki mjini Butembo na kununua Kampala. Takwimu hizi ni za mfano, ili hesabu iwe nyepesi. Ana katoni 240, kila moja ina kilo 18. Mzigo unapandishwa kwenye Fuso pamoja na mali za watu wengine wawili, unapita Kasese, unavuka Mpondwe na kuingia Kasindi, unafika Beni na kushuka Butembo. Barua ya bei inasema senti 16 za dola kwa kilo, na kwamba meta moja ya ujazo huhesabiwa kuwa kilo 333 pale mzigo unapokuwa mwepesi. Ankara inakuja: kilo 10,519, dola 1,683.

Kwenye mizani sandali zile ni kilo 4,320 tu. Je, ameibiwa zaidi ya nusu? Hapana, na hapa wengi hugombana bure. Mzigo mwepesi unajaza gari kabla haujalilemea, kwa hiyo msafirishaji ana haki ya kutoza nafasi badala ya uzito, mradi walikubaliana hivyo. Swali la kuuliza ni nafasi ipi.

Katoni ya sandali zile, ukiipima kwa tepu ya fundi, ina urefu wa sentimeta 60, upana 40 na kimo 40. Hiyo ni meta ya ujazo 0.096. Katoni 240 zinakuwa meta 23.04, na kwa kipimo cha 333 tunapata kilo 7,672. Sasa rudi nyuma kutoka kwenye ankara: gawanya 10,519 kwa 333, kisha kwa 240. Unapata karibu 0.132, yaani katoni ya 65 kwa 45 kwa 45. Kuna mtu aliongeza sentimeta 5 kila upande. Kwa macho ni kidogo, hata mtu mwaminifu aliyepima katoni iliyotuna angeweza kuziandika. Ila kwa kuwa pande tatu zinazidishwa, ujazo umepanda kwa asilimia 37, na dola 455 zimeingia kwenye ankara bila bei kubadilika hata senti.

Kuna njia nyingine ya kulinasa kosa hili hata kama katoni zimeshauzwa. Pima bodi ya gari. Tuseme bodi ya Fuso ile ina urefu wa meta 6, upana 2.3 na kimo 2.2: ndani yake mna meta 30 na kidogo. Ankara inadai mama huyu peke yake alijaza meta 31.6, na humo humo kulikuwa na mali za watu wengine wawili. Mzigo wa kwenye karatasi haukuweza kuingia ndani ya gari lililoubeba.

Kipimo chenyewe cha ujazo nacho kitazamwe. Kilo 333 ni desturi ya barabarani. Kwenye meli meta moja huhesabiwa kuwa tani moja, kwenye ndege kilo 167. Mzigo uliotoka Guangzhou au Dubai kupitia Mombasa unaweza kubeba kipimo cha meli hadi kwenye ankara ya lori, na hapo kilo zinakuwa mara tatu. Ukiona hivyo, rudi kwenye barua ya bei. Kama haikutaja kipimo chochote cha ujazo, msimamo wako ni kilo za mizani.

Kwa mzigo mzito, kama misumari, mabati au saruji, tepu haina kazi. Unachohitaji ni tiketi mbili za mizani ya magari, ya gari likiwa na mzigo na ya gari likiwa tupu. Mara nyingi tiketi ya pili haipo. Uzito wa gari tupu umechukuliwa kwenye kadi ya gari. Kadi haijui kwamba tangi lilijazwa. Lita 300 za dizeli zina uzito wa kilo 250 hivi, nazo zote unalipia kama misumari.

Sasa tufike kwenye depo. Karatasi ya kupokelea mzigo huja na sentensi iliyochapwa tayari, kwamba vitu vyote vimepokewa vikiwa salama. Dereva ana haraka, wabebaji wamekwisha anza kushusha, na mtoto wa dukani anatia sahihi. Katoni zikihesabiwa jioni zinakuwa 236. Sahihi ile sasa ni ushahidi wa msafirishaji. Kinachotakiwa ni kuhesabu kwanza, kisha kuandika kwa mkono juu ya sahihi: "zimepokewa katoni 236, zimekosekana 4", tarehe na saa, na nakala ibaki dukani.

Katoni nne zile zinazaa madai mawili, nayo yasichanganywe. La kwanza ni nauli ya kitu ambacho hakikufika, kama dola 20, na hiyo inapunguzwa kwenye ankara. La pili ni thamani ya sandali zilizopotea, na hilo linaandikiwa barua yake.

Gharama ya kusubiri Kasindi ndiyo inayozua kelele nyingi, ingawa kuikagua ni rahisi: unatazama mihuri ya kuingia na kutoka, unatoa siku za bure zilizotajwa kwenye barua ya bei, unabaki na siku za kulipiwa. Wengi husahau kuuliza gari lilikuwa na wenye mizigo wangapi. Kama ni watatu na kila mmoja ametozwa siku nzima, mwenye gari amelipwa siku moja mara tatu.

Kwa sheria, Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria ya OHADA ya usafirishaji wa barabarani inashika hata safari iliyoanzia Kampala, maadamu mwisho wake uko kwenye nchi mwanachama. Upungufu unaoonekana kwa macho unatakiwa utolewe taarifa kwa maandishi kabla ya siku ya kazi inayofuata kwisha. Usioonekana, ndani ya siku saba. Malalamiko ya maandishi yasipite siku 60 tangu kupokea mzigo, na kesi, ikibidi, mwaka mmoja.

Basi mama wa sandali anaandika ukurasa mmoja. Katoni 236 za meta 0.096 ni meta 22.66, kwa 333 ni kilo 7,544, kwa senti 16 ni dola 1,207. Anabandika barua ya bei, picha ya tepu ikiwa juu ya katoni, na nakala ya karatasi ya kupokelea. Dola 1,207 anazilipa siku hiyo hiyo, kwa risiti inayosema ni malipo ya sehemu isiyo na ubishi, ili asionekane mkwepa deni na gari lijalo lisizuiwe. Zile 476 zilizobaki, msafirishaji ndiye atakayeleta vipimo vyake.