Kazi ya nyumbani na alama za hisabati: swali la utafiti linavyoandikwa

Walimu wengi wa hisabati wanaosomea shahada ya uzamili huanza na kichwa kama hiki: “Athari za Kazi ya Nyumbani katika Ufaulu wa Hisabati kwa Wanafunzi wa Sekondari.” Kinasomeka vizuri na mzazi yeyote atakielewa. Lakini ndani yake kuna mambo matatu ambayo bado hayajasemwa: athari gani, kazi ya nyumbani kwa maana ipi, na ufaulu uliopimwa vipi. Mpaka hayo yasemwe, hakuna swali la kujibu, na msimamizi akirudisha pendekezo kwa mara ya tatu hamwonei mtu.

Tufuate mfano wa kubuni. Mwalimu anafundisha hisabati mikondo miwili ya kidato cha pili katika shule ya kutwa, jumla wanafunzi 84. Ana muhula mmoja, madaftari ya wanafunzi na kompyuta ya kuazima. Hicho ndicho chote alicho nacho, na swali lake lazima lienee humo.

Aanze na kazi ya nyumbani yenyewe. Anaweza kupima mara ngapi inatolewa, muda ambao mwanafunzi anaitumia, au kiasi anachokikamilisha. Haya ni mambo matatu tofauti, na tofauti hiyo si ya kupoteza muda. Mwaka 2007 mtafiti Ulrich Trautwein wa Ujerumani alichapisha uchunguzi uliotenganisha mambo ya namna hii katika hisabati. Madarasa yaliyopewa kazi mara kwa mara yalielekea kufanya vizuri zaidi. Lakini wanafunzi waliotumia muda mrefu nyumbani hawakuwa na matokeo bora, na mahali pengine walikuwa chini ya wenzao. Ukitafakari, sababu yake haiko mbali: anayekaa saa mbili na maswali matano mara nyingi ndiye asiyeelewa, au anafanya huku akikatizwa kila dakika. Kwa hiyo watafiti wawili wanaweza kuuliza juu ya “kazi ya nyumbani” na kupata majibu yanayopingana, ilhali kila mmoja yuko sahihi kwa kile alichokipima.

Mwalimu wetu achague lipi? Mara ngapi inatolewa, hapana. Yeye ndiye anayetoa kazi, na anaitoa Jumanne na Ijumaa kwa mikondo yote miwili. Kitu ambacho ni sawa kwa wote 84 hakiwezi kueleza kwa nini alama zao zinatofautiana. Swali hilo linahitaji madarasa mengi ya walimu wengi, kwa sababu kinachobadilika hapo ni darasa, si mwanafunzi mmoja mmoja. Kosa hili linaonekana sana katika mapendekezo ya tafiti ndogo, na linasikitisha kwa sababu hugunduliwa baada ya takwimu kukusanywa.

Muda unabadilika kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, ila kuupima kwa kuuliza “huwa unatumia muda gani?” ni kukusanya makisio. Njia bora kidogo ni mwanafunzi kuandika juu ya ukurasa saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Hapo nako lazima akubaliane nao kama watahesabu saa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, maana “1:00” katika daftari inaweza kuwa saa moja jioni au saa saba mchana.

Kinachobaki, na ndicho kinachomfaa, ni kiasi kilichokamilishwa. Kwa wiki 10 zenye kazi mbili kila wiki, kila mwanafunzi atakuwa na hesabu kati ya 0 na 20. Lakini neno “kukamilisha” linahitaji uangalifu. Akihesabu kazi zilizopatiwa tu, atakuwa amepima ufaulu kwa kutumia ufaulu, na uhusiano utajitokeza wenyewe bila kumfundisha lolote. Afadhali aandike hivi: kazi imekamilika ikiwa mwanafunzi amejaribu kila swali na ameonyesha njia, awe amepata au amekosa. Wapo watakaonakili kwa rafiki asubuhi kabla ya paredi. Dalili yake ni kosa lile lile la ajabu kwenye madaftari manne. Dawa yake ni swali moja fupi mwanzoni mwa kipindi, lenye namba zilizobadilishwa. Asiyeweza hata kulianza, kazi yake inawekewa alama ya shaka, na hesabu inafanywa mara mbili: pamoja na kazi zenye shaka, na bila hizo.

Kwa upande wa ufaulu, atumie jaribio moja la mwisho wa muhula kwa mikondo yote miwili, lililotungwa na mwalimu mwingine na kusahihishwa kwa namba badala ya majina. Achukue alama zenyewe kati ya 0 na 100, si madaraja ya A hadi F, kwa sababu daraja huwaficha pamoja watu waliotofautiana sana.

Sasa neno “athari”. Kusema kazi ya nyumbani imeathiri alama ni kudai kwamba bila kazi hiyo alama zingekuwa nyingine. Mwalimu wetu hakumpangia mtu yeyote kufanya au kutofanya. Amewaangalia tu wanavyofanya. Anachoweza kuulizia ni uhusiano. Swali lake la kwanza linakuwa hili: “Je, kuna uhusiano kati ya idadi ya kazi za nyumbani za hisabati ambazo mwanafunzi wa kidato cha pili amezikamilisha kwa muhula mmoja na alama zake katika jaribio la mwisho wa muhula huo?” Ni refu kuliko kichwa cha mwanzo, lakini mtu mwingine akipewa madaftari yale yale atajua cha kuhesabu.

Kutoka kwenye swali hilo ndipo nadharia tete inapotoka, yaani jibu linalotarajiwa, lililoandikwa kwa namna ambayo takwimu zinaweza kulikataa. Huandikwa mbili. Ya sifuri husema: “Hakuna uhusiano kati ya idadi ya kazi zilizokamilishwa na alama za jaribio.” Mbadala wake husema uhusiano upo. Je, aseme pia kwamba unapanda, waliokamilisha zaidi wanapata zaidi? Akiwa na sababu ya kutosha kabla ya kuona alama, aseme. Sababu kiasi ipo: mwaka 2006 Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti za nchini mwao za miaka 1987 hadi 2003, na uhusiano kati ya kazi ya nyumbani na ufaulu ulikuwa na nguvu zaidi kwa wanafunzi wa darasa la saba kwenda juu kuliko kwa wadogo. Lakini hao ni wanafunzi wa Marekani. Mimi ningeandika nadharia tete isiyo na mwelekeo, nikaacha mlango wazi kwa matokeo kuelekea chini.

Kipimo cha uhusiano ni namba iitwayo r, inayoanzia -1 hadi 1. Sifuri maana yake hakuna uhusiano wa mstari. Kwa wanafunzi 84 na kiwango cha kawaida cha asilimia 5, r lazima ivuke takriban 0.21 ndipo nadharia ya sifuri ikataliwe. Kama uhusiano wa kweli ni 0.3, utafiti wa ukubwa huu una nafasi ya takriban 80 kwa 100 ya kuugundua. Kama ni 0.1, kuna uwezekano mkubwa kwamba utampita. Hili alijue mapema, maana ndilo linaloamua kama swali lake lina haki ya kuulizwa kwa sampuli aliyonayo.

Tuseme amepata r ya 0.40. Furaha ni kubwa, na hapa ndipo tafiti nyingi za aina hii zinapoharibika. Mwanafunzi aliyekuwa mzuri tangu kidato cha kwanza hukamilisha kazi kwa sababu anaziweza, na hufaulu jaribio kwa sababu hiyo hiyo. Uwezo wa awali unavuta pande zote mbili. Kwa hiyo linahitajika swali la pili: “Je, uhusiano huo unabaki baada ya kuzingatia alama za mwanafunzi mwanzoni mwa muhula?” Nadharia yake ya sifuri ni kwamba haubaki.

Alama za mwanzo wa muhula anazo kwenye kitabu chake. Tuseme zinahusiana na kazi zilizokamilishwa kwa 0.45, na na jaribio la mwisho kwa 0.70. Uhusiano uliosalia ni:

```
(0.40 - 0.45 × 0.70) ÷ √[(1 - 0.45²) × (1 - 0.70²)] = 0.13
```

Kutoka 0.40 hadi 0.13, chini ya kizingiti. Mwalimu aliyeishia kwenye swali la kwanza angesimama mbele ya wazazi na kuwaambia kwamba kazi za nyumbani zinapandisha alama. Mwenye maswali mawili anajua kwamba sehemu kubwa ya alichokiona ilikuwepo kabla muhula haujaanza.

Maswali haya mawili yanatosha. Kishawishi kitakuja cha kuongeza: wavulana na wasichana, mkondo A na B, wanaokaa karibu na mbali, wenye umeme na wasio nao. Kila jaribio la kitakwimu katika kiwango cha asilimia 5 lina nafasi hiyo ya kuonyesha uhusiano ambao haupo. Ukifanya majaribio 20 yasiyotegemeana, nafasi ya kupata angalau uhusiano mmoja wa uongo ni takriban 64 kwa 100. Ndiyo maana nadharia tete huandikwa, hutiwa tarehe na kukabidhiwa kwa msimamizi kabla ya alama kufunguliwa. Yatakayoonekana baadaye yanaruhusiwa kutajwa, lakini kama dokezo la utafiti mwingine.

Na kama kweli anataka neno “athari”? Kuupa mkondo A kazi na kuunyima B hakusaidii, kwa sababu mikondo hutofautiana kwa mengi, hata kwa kipindi kuwa asubuhi au baada ya chakula cha mchana. Apige kura ndani ya kila mkondo. Nusu wapewe kazi za nyumbani katika mada ya seti huku wengine wakisubiri; katika mada ya takwimu wabadilishane. Hapo kila mwanafunzi analinganishwa na yeye mwenyewe, na hakuna aliyenyimwa muhula mzima. Kila mada iwe na jaribio lake.

Iwapo nadharia ya sifuri haikukataliwa, sentensi ya hitimisho isiseme “kazi ya nyumbani haina uhusiano na ufaulu.” Iseme hivi: “Kwa wanafunzi 84 wa shule moja, baada ya kuzingatia alama za mwanzo, hatukupata ushahidi wa kutosha wa uhusiano, uhusiano mdogo unaweza kuwepo bila utafiti huu kuweza kuuona.”