Kabla Nyundo ya Dalali Haijagonga

Mume amekopa benki kwa dhamana ya nyumba wanayoishi, marejesho yamemshinda, na dalali amekwisha bandika tangazo la mnada mlangoni. Mke anasema hakuridhia rehani ile. Saini iliyo kwenye fomu ya ridhaa si yake. Anafungua kesi, lakini kesi itachukua miaka na mnada ni wiki ijayo. Kwa hiyo anaomba pia zuio la muda, chini ya Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania.

Jaji wa maombi hayo haamui kama saini imeghushiwa. Hilo litangoja mashahidi. Kwa sasa ana viapo tu mezani, na anaongozwa na vigezo vitatu vya shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969. Kikikosekana kimoja, maombi huanguka.

Kwanza, iwepo hoja nzito ya kuamuliwa, yenye dalili ya kufaulu. Mke anayo, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Lakini angekuja mume, anayekiri deni na kulalamika tu kwamba riba imemlemea, asingekuwa na la kuamuliwa. Huruma peke yake haisimamishi mnada.

Kigezo cha pili ndicho kinachowaangusha wengi: madhara yawe ya aina ambayo fedha haiwezi kuyafidia. Wakili wa benki atasema nyumba ina bei, na benki ikishindwa inao uwezo wa kulipa. Hoja hiyo ina nguvu. Mke hawezi kuijibu kwa kuandika kwamba “ataumia sana”. Kiapo chake kieleze kwamba hayo ndiyo makazi pekee ya watoto wake, na kwamba nyumba ikiuzwa, sheria humlinda mnunuzi wa nia njema, hivyo hata akishinda baadaye huenda asiipate tena.

Mwisho jaji hupima nani ataumia zaidi. Mnada ukisimama, benki inachelewa, lakini rehani yake ipo palepale na riba inaendelea kuhesabiwa. Ukiendelea, mke anapoteza kile hasa anachokidai. Hapa mizani inamwelemea mke, ingawa deni likiwa limeizidi thamani ya nyumba, kuchelewa nako kunaigharimu benki kwelikweli. Nadhani ndiyo sababu ni busara mahakama kumtaka mwombaji aweke dhamana, na sheria inaruhusu.

Akipewa zuio, asilale. Amri hiyo haizidi miezi 6. Ikiongezwa, jumla yake haivuki mwaka 1. Muda ukiisha kesi ikiwa bado inasikilizwa, benki inaweza kutangaza mnada upya.