Shimo la Katikati

Ukiletewa picha ya keki iliyobonyea, usianze na shimo. Anza na sufuria iliyookewa. Keki inapopanda huacha alama ukutani, utando mwembamba uliogandia, na keki ikianguka utando hubaki palepale. Ukiuona juu kuliko keki yenyewe, jua kwamba ilipanda, kisha ikashuka. Usipouona, na keki imelala bapa, nzito, bila matundu, basi haikupanda kabisa: ama beking pauda ilisahauliwa, ama imekufa koponi. Picha haiwezi kutofautisha hayo mawili. Tia kijiko cha chai cha beking pauda hiyo kwenye maji moto. Iliyo hai hutoka povu papo hapo.

Shoga yangu wa nyumba ya pili alinitumia picha ya namna ya kwanza. Kingo zimesimama, katikati pamezama kama sahani ya supu, na utando uko juu ya kingo kiasi cha upana wa kidole. Nikadhani aliiepua mapema. Katikati ndipo moto hufika mwisho, na pakiwa bado ujiuji, hapana kitu cha kushikilia mapovu keki inapopoa. Ila kosa hilo huacha ushahidi: ukikata, chini ya shimo utaona utepe wa unga mbichi, umeshikamana, rangi yake imekolea. Nikamwomba aikate katikati na apige picha ya kipande kwa ubavu, karibu na dirisha, kwani taa ya njano huifanya hata keki mbichi ionekane imeiva.

Picha ya pili ilinisuta. Utepe haukuwapo. Ndani pakavu, pamejaa matundu makubwa yasiyolingana, na karibu na juu mengine yameungana yakawa vishimo. Hiyo ni beking pauda iliyozidi. Mapovu yalivimba kwa haraka kabla ya mayai na unga kukaza kuta zake. Yakapasuka, yakaingiliana, na sehemu ya juu ikakosa nguzo. Pembeni palinusurika kwa sababu pamegusana na sufuria, hivyo palikuwa pameshaiva.

Nikamuuliza ametia kiasi gani.

"Vijiko viwili, shoga, kama ilivyoandikwa!"

Unga wake ulikuwa gramu 250, na kwa kawaida unga huo hutosheka na vijiko viwili vya chai. Aliyemwandikia hakutaja kijiko gani. Yeye akashika cha mezani, ambacho kimoja ni sawa na vitatu vya chai, akajikuta ametia sita. Nilipomuuliza kuhusu ladha, akakiri kwamba ilibaki uchungu kidogo mwishoni mwa ulimi, akadhani ni ganda la limau.

Nawe ukitaka mtu akusomee keki yako, piga picha ya ubavu wa kipande, na usiioshe sufuria kwanza.