Sentensi Kuu Iliyojificha Mkiani

Waandishi wengi hufikiri huku wakiandika. Wanaanza aya kwa mfano, wanaongeza tarehe mbili tatu, na kwenye mstari wa mwisho ndipo wanapogundua walichotaka kusema. Msomaji anabaki akijiuliza mifano yote hiyo ilikuwa ya nini.

Tuseme mwanafunzi wa kidato cha tatu ameandika kuhusu marufuku ya mifuko ya plastiki. Aya yake ya kwanza ni hii: "Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2008. Kenya ilifuata Agosti 2017, kwa faini inayoweza kufika shilingi milioni 4. Tanzania ilianza Juni 2019. Nchi hizi ziliona hiari ya watu haitoshi, zikatumia sheria." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye hoja. Akiipandisha juu, tarehe zile zile zinageuka kuwa ushahidi.

Aya ya pili inasumbua zaidi. Inaeleza bei ya mifuko mbadala, kisha inarukia wasuka vikapu waliopata wateja. Kila sentensi kuu inayojaribiwa inaacha nusu ya aya nje. Hiyo ni dalili kwamba aya zimebanwa mbili katika moja, na dawa ni kuzitenganisha. Kubandika juu yake "Marufuku haya yana mambo mengi" hakusaidii, kwa sababu sentensi hiyo haidai lolote.

Sasa mwanafunzi anaandika sentensi kuu zote kwenye karatasi ya pembeni, moja chini ya nyingine, na kuzisoma peke yake: sheria ilitumika, mifuko mbadala ina gharama, wasuka vikapu walinufaika, plastiki huziba mitaro na kudhuru mifugo. Kasoro inajionyesha yenyewe, kwani sababu ya marufuku imekuja mwisho. Aya ya madhara inahamia mwanzo.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Aya hiyo ilikuwa ikianza, "Pia, ng'ombe na mbuzi huila wakafa." Ikiwa ya kwanza, "pia" haina inachokiongezea, na msomaji hajui kinacholiwa ni nini. Inabidi iandikwe, "Mifuko ya plastiki huziba mitaro na kuua mifugo." Maneno kama "hata hivyo", "hii" na "hao" nayo yakaguliwe kila aya inapohama, maana yaliandikwa kwa ajili ya jirani wa zamani.

Utaratibu huu unafaa insha za hoja na za maelezo. Insha ya masimulizi ina mwendo wake: mwandishi anayetaka msomaji asubiri kujua nani aligonga mlango usiku hana haja ya kumtaja kwenye sentensi ya kwanza.