Kisu kilipoanguka mkononi mwa bibi: namna familia moja ya Lemera ilivyotambua kiharusi

Mama na dada zetu, juma hili tunawaletea habari ya familia moja ya huku kwetu Lemera. Wenyewe wametuomba tusiandike majina yao, lakini wamekubali tueleze kila kitu, ili nyumba nyingine zijue la kufanya.

Bibi wa nyumba hiyo ana miaka kama 68. Asubuhi alikuwa nje, anamenya mihogo pamoja na mjukuu wake wa miaka 14. Kisu kikamwanguka. Akakiokota kwa mkono wa kuume, kikaanguka tena. Mjukuu akacheka kidogo, akauliza, "Bibi, umechoka?" Bibi akajibu, lakini maneno yalitoka mazito, kama ya mtu mwenye chakula kinywani. Hapakuwa na maumivu. Bibi mwenyewe alitaka kuendelea na mihogo yake.

Tuanzie hapo. Mara nyingi kiharusi hakiumi. Mtu akivunjika mkono atalia, na watu watakuja mbio. Mkono uliolegea kwa sababu ya kiharusi hauna uchungu, ndiyo maana mgonjwa anasema, "Niacheni nilale kidogo." Nyumba nyingi zinamwacha alale, na akiamka jioni hawezi kusimama.

Mjukuu alimwita mama yake, naye akafanya mambo matatu aliyokuwa amefundishwa katika mkutano wa kina mama.

Kwanza alimwomba bibi acheke na kuonyesha meno. Upande wa kushoto wa mdomo ulipanda, wa kuume ulibaki chini. Kwa mzee asiye na meno mengi si rahisi kuona jambo hilo. Tazama basi mkunjo ule unaotoka puani kushuka pembeni ya mdomo. Kama upande mmoja mkunjo umenyooka, au mate yanatiririka upande huo tu, uso umelegea.

Pili alimwambia bibi afumbe macho, anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, kisha akahesabu polepole mpaka kumi. Kufumba macho kuna maana yake: mtu akiwa anauona mkono wake, anajikaza kuushikilia. Mkono wa kushoto wa bibi ulikaa. Wa kuume, kabla ya kufika sita, ulianza kugeuka kiganja chini na kushuka wenyewe. Mkono uliolaliwa usiku nao unaweza kufa ganzi, lakini huo unarudi baada ya dakika chache ukiukunjua na kuukunja, na haugusi maneno ya mtu.

Tatu alimwomba arudie sentensi fupi: "Leo tunakwenda kuchota maji." Hapa huyu mama alitumia akili. Hakumsemesha kwa Kiswahili, alimsemesha kwa Kifuliiru, lugha ambayo bibi anaitumia kila siku. Ukimpima mzee kwa lugha anayoijua nusu, hutajua kama ulimi ndio umeshindwa ama ni lugha. Sikiliza mambo mawili: kama maneno yanatoka mazito na kupotoka, na kama anasema neno lisilo mahali pake au haelewi unachomwomba.

Ishara moja tu kati ya hizo tatu, ikija ghafula, inatosha kumpeleka mgonjwa. Bibi alikuwa nazo zote. Na kama ishara zingetoweka baada ya nusu saa, bado ilibidi aende. Kiharusi kidogo kinachopita namna hiyo ni onyo, na hatari ya kikubwa kufuata ni kubwa zaidi katika siku mbili za kwanza.

Kilichotokea ndani ya kichwa ni hiki. Sehemu ya ubongo ilikosa damu. Mara nyingi mshipa unazibwa na donge la damu, na mara nyingine mshipa unapasuka na damu inamwagika ndani. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kuume, na kwa watu wengi ndio unaoongoza maneno pia. Kwa hiyo mkono wa kuume na maneno vikiharibika pamoja kwa ghafula, sababu ni moja.

Majirani walipojaa uani, kila mtu alikuja na lake. Mmoja alisema ni karuho, bibi amewekewa sumu sokoni, apewe dawa ya miti atapike haraka. Mwingine alileta vidonge viwili vya aspirini. Wa tatu akataka kumpa uji, kwa kuwa hakuwa amekula. Wote walitaka kusaidia, na mambo hayo matatu yote yangeweza kumuua.

Kiharusi kinachomlegeza mtu uso kinaweza kumlegeza koo pia. Anachokunywa kinapita njia ya hewa na kuingia mapafuni. Dawa ya kutapisha ni mbaya zaidi, maana inapita mara mbili: ikishuka na ikirudi. Watu wengi wa kiharusi wanakufa siku chache baadaye kwa ugonjwa wa mapafu ulioanza na kikombe cha kwanza. Mke wa mtoto wa bibi alisimama mlangoni, akasema, "Hakuna kitu kinachoingia kinywani, hata maji." Kwa habari ya karuho aliwajibu wakubwa kwa heshima: "Baba, kama ni sumu, hospitali nayo itaona. Twende kwanza."

Aspirini inasaidia pale ambapo mshipa umezibwa. Pale ambapo umepasuka, inazidisha kumwagika kwa damu. Kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha, hata daktari. Inahitajika mashine ya skana inayopiga picha ya ndani ya kichwa, na mashine hiyo iko katika miji mikubwa. Kwa hiyo nyumbani aspirini haitolewi. Hata vidonge vya tansiyo ambavyo bibi alikuwa navyo kwenye kopo havikutolewa, maana tansiyo ikishuka kwa kishindo, ile sehemu ya ubongo yenye njaa ya damu inazidi kukosa.

Kabla ya kuondoka waliulizana swali moja: ni saa ngapi bibi alionekana mzima kwa mara ya mwisho? Si saa walipomkuta mgonjwa, bali saa ya mwisho alipokuwa mzima. Kwenye nyumba hakukuwa na saa ya ukutani. Jirani akakumbuka kwamba bibi alimsalimu vizuri watoto walipokuwa wanapita kwenda masomo, kama saa moja na nusu. Wakaishika hiyo. Kama mtu ameamka na kiharusi, mnahesabu tangu alipokwenda kulala. Daktari anahitaji saa hiyo kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya skana. Huku milimani hatuna njia hiyo. Hata hivyo saa inamsaidia daktari kujua ugonjwa unakwenda wapi.

Motari alikuja na pikipiki, wakamkatalia. Mtu aliyelegea upande mmoja hawezi kujishikilia, na katika kilima anaanguka. Wakatengeneza kipoyi, wakamlaza kichwa kikiwa juu kidogo, mkono wa kuume ukiwa umewekwa juu ya kifua kwa kitambaa usining'inie. Hakuna aliyemvuta kwa mkono huo, kwa kuwa bega lililolegea linachomoka kwa urahisi. Njiani alitapika, wakamgeuza ubavu mara moja mpaka kinywa kikawa safi.

Kulikuwa na kizuizi kimoja tena: bibi mwenyewe. Alitikisa kichwa walipotaja hospitali. Wazee wa hapa wanakumbuka tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera iliposhambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi. Hawakumgombeza. Binti yake mkubwa alimwambia, "Mama, nitalala chini ya kitanda chako kila usiku." Akakubali.

Hospitalini muuguzi hakuanza na tansiyo. Alianza kwa kuchoma kidole kupima sukari. Sukari ikishuka sana, mtu anaweza kulegea upande mmoja na kusema vibaya kama mwenye kiharusi, na akipewa sukari kwenye mshipa anaweza kurudi mzima mbele ya macho yenu. Hiyo ni sababu moja ya kukimbia hata mahali pasipo na skana. Sukari ya bibi ilikuwa sawa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tansiyo ilikuwa 20 kwa 11.

Familia ilishangaa kuona daktari haiteremshi mara moja. Aliwaeleza kwamba siku ya kwanza, kama haijapita 22 kwa 12 na hakuna hatari nyingine, mara nyingi wanaiacha, kisha wanaishusha polepole siku zinazofuata. Baadaye bibi alikalishwa wima, akapewa maji kijiko kimoja. Akakohoa, sauti ikawa ya majimaji. Basi kwa siku nne alilishwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani. Siku ya tano alimeza uji mzito bila kukohoa. Kila saa mbili binti alimgeuza ili ngozi isioze, na kila asubuhi alifundishwa kuvikunja na kuvikunjua vidole vya mama yake.

Bibi alikaa hospitalini siku 12. Leo maneno yake yanaeleweka, ingawa akichoka yanakuwa mazito. Anatembea kwa fimbo. Mkono wa kuume unashika kikombe, lakini kisu bado. Sasa wajukuu ndio wanaomenya mihogo, naye anakaa pembeni akiwaonyesha.

Sababu ilipatikana katika kopo la dawa. Bibi alikuwa na tansiyo tangu miaka mingi. Aliacha vidonge miezi mitatu kabla, kwa kuwa alijisikia vizuri na franga zilihitajika kwa masomo ya watoto. Tansiyo haina dalili ya kumwambia mtu kwamba imepanda. Kujisikia vizuri kunaweza kuwa ni kwa sababu ya vidonge vyenyewe. Kama franga zimepungua, mwambieni muuguzi wa kituo cha afya kabla kopo halijakwisha, kwa maana mara nyingi kuna kidonge cha bei nafuu zaidi kinachofanya kazi ileile.

Mkutano ujao tutafanya mazoezi wawili wawili: uso, mikono, maneno, kila mmoja kwa lugha ya nyumbani kwake. Kisha tutajifunza kusema mlangoni mwa hospitali maneno haya bila kuzunguka: "Ameshikwa ghafula. Mara ya mwisho alikuwa mzima saa fulani. Hajala wala hajanywa kitu tangu hapo. Dawa anazotumia ni hizi." Njooni na makopo ya dawa ya wazee wenu, tusome majina pamoja.