Majivu Yanavyopima Mboji Iliyopotea

Katika kinamasi cha Holme, jimbo la Cambridgeshire, mashariki mwa Uingereza, kuna nguzo ya chuma iliyosimama kiasi cha meta 4 juu ya ardhi. Ilipopigiliwa mwaka 1851 haikuonekana kabisa: mguu wake ulifika kwenye udongo wa mfinyanzi ulio chini ya mboji, na kichwa kikaachwa sawasawa na uso wa ardhi. Mwaka huohuo ziwa la Whittlesey lililokuwa jirani lilikaushwa ili mashamba yapatikane, na tangu hapo ardhi imekuwa ikititia na kuiacha nguzo wazi. Zaidi ya meta moja ilishuka katika miaka kumi ya mwanzo tu.

Mboji ya kinamasi ni mabaki ya mimea yaliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka. Maji yaliyotuama huzuia oksijeni, na pasipo oksijeni vijidudu vya udongo huozesha polepole mno, hivyo kila mwaka huacha utando mwembamba wa mabaki ambao haukumalizika kuoza. Mtaro ukichimbwa na maji yakaondoka, hewa huingia na mambo mawili hutokea kwa pamoja. La kwanza ni mboji kushikana: ilikuwa imeinuliwa na maji kama sifongo, na sasa inanywea, inalala, inakandamizwa na uzito wake wenyewe pamoja na miguu ya ng'ombe na magurudumu ya trekta. La pili ni kuoza: vijidudu hupata hewa, hula mabaki yale, na kaboni iliyokuwa ardhini hutoka ikiwa gesi ya kaboni dioksidi.

Mambo hayo mawili yote hushusha ardhi, lakini ni la pili tu linalopoteza kaboni. Nguzo ya Holme haiwezi kuyatenganisha. Inaonyesha kwamba meta 4 zimekwenda, lakini haionyeshi ni ngapi zilinywea na ngapi zilipaa hewani. Tena, mabonde mengi yaliyokaushwa hayakuwahi kuwekewa nguzo. Mabonde ya mafunjo ya Kigezi, karibu na Kabale nchini Uganda, yalianza kukaushwa kwa bustani na malisho katika miaka ya 1940, na anayetaka kujua leo kimepotea kiasi gani hana budi kuuliza udongo wenyewe.

Udongo hujibu kwa sababu ya majivu. Ndani ya mboji mmekuwamo siku zote sehemu ndogo ya madini: chembe za vumbi, silika ya mimea, chumvi zilizoletwa na maji. Vijidudu hula mabaki ya mimea, lakini madini hayaliki. Kadiri mboji inavyoisha ndivyo madini yanavyozidi kujikusanya katika kile kinachobaki, kama chumvi ya mchuzi uliosahauliwa jikoni: maji yanapungua, chumvi ni ileile, na mchuzi unazidi kukolea. Ikiwa tabaka la juu lina madini mara mbili ya tabaka la chini ambalo halijawahi kukauka, basi kila kilo moja iliyopo juu leo ilikuwa kilo mbili hapo kale.

Vipimo vinavyohitajika ni viwili. Cha kwanza ni uzito wa mboji kavu kwa ujazo. Kipande cha mboji ambacho ujazo wake unajulikana hutolewa ardhini, hukaushwa katika tanuri kwa nyuzi 105 za Selsiasi mpaka uzito wake usipungue tena, kisha hupimwa. Mboji ambayo haijaguswa huwa nyepesi ajabu: meta moja ya ujazo, ikishakauka, mara nyingi ina kilo kama 100 tu, wakati udongo wa kawaida wa shamba hupita kilo 1,000. Kipimo cha pili ni majivu. Mboji ileile kavu husagwa, huwekwa katika kibakuli kinachostahimili moto, na kuunguzwa kwa nyuzi 550 kwa saa kadhaa. Kibakuli kilichoingia na unga mweusi hutoka na kijivumbi chepesi, cheupe au chekundu kidogo, kinachoweza kupeperushwa kwa pumzi ya mpimaji. Huo ndio uzito unaotafutwa.

Hesabu yenyewe hueleweka vizuri zaidi kwa mfano. Tuseme bonde lilikaushwa miaka 50 iliyopita, na tabaka lililokauka sasa lina unene wa sentimeta 40. Meta ya ujazo ya tabaka hilo ina kilo 250 za mboji kavu, na asilimia 10 yake ni majivu. Chini kabisa, mahali ambapo maji hayajawahi kuondoka, meta ya ujazo ina kilo 100 na majivu ni asilimia 5. Tabaka hilo la chini ndilo la kulinganishia.

Chini ya kila meta moja ya mraba ya uso wa bonde, tabaka lililokauka lina kilo 100 za mboji, yaani sentimeta 40 mara kilo 250. Ndani yake mna kilo 10 za majivu. Ikiwa majivu hayo yote yalikuwamo tangu mwanzo, wakati mboji ilikuwa na asilimia 5 tu, basi yalitoka katika kilo 200 za mboji. Zimebaki 100, kwa hiyo kilo 100 zimeoza na kuondoka. Kilichoondoka ni mabaki ya mimea matupu, ambayo kaboni yake ni kama asilimia 55. Hivyo kila meta ya mraba imepoteza kilo 55 za kaboni, sawa na tani 550 kwa hekta, au tani 11 kwa hekta kila mwaka.

Urefu nao hupatikana hapohapo. Kilo 200 za mboji ya zamani, kwa kilo 100 kila meta ya ujazo, zilijaza meta 2. Leo zimebaki sentimeta 40, kwa hiyo ardhi imetitia meta 1.6. Meta moja kati ya hizo ni mboji iliyooza, na sentimeta 60 ni mboji iliyoshikana bila kupoteza kitu. Mtu mwenye nguzo peke yake, akiuhesabu mteremko wote kuwa ni hasara, angeandika kilo 160 zimepotea badala ya 100.

Kuna jambo moja katika hesabu hii ambalo wengi hulipita bila kuliona. Uzito wa ujazo wa tabaka la kulinganishia haukutumika kabisa kupata kaboni iliyopotea. Umetumika kupata urefu tu. Kaboni imetegemea uzito wa mboji iliyopo leo na viwango viwili vya majivu. Kwa anayetumia nguzo ni kinyume chake, kwa kuwa yeye hawezi kugeuza meta kuwa kilo bila kujua uzito wa mboji ya zamani. Ndiyo maana njia hizi mbili zikitumika bonde moja hukaguana vizuri: kosa la moja si kosa la nyingine. Nchini Norwe, Arne Grønlund na wenzake walichapisha mwaka 2008 ulinganisho wa njia tatu katika mashamba ya mboji: kutitia kwa ardhi, majivu, na kupima gesi inayotoka. Zote tatu ziliangukia takriban tani 6 hadi 9 za kaboni kwa hekta kwa mwaka. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, katika mwongozo wake wa ardhioevu wa mwaka 2013, linaweka tani 7.9 kwa mashamba ya mboji ya nchi za baridi ya wastani na tani 14 kwa yale ya nchi za joto. Bonde la mfano wetu lingekaa katikati.

Udhaifu wa njia ya majivu uko mahali pamoja hasa, nao ni mkubwa. Tuseme tabaka la chini halikuwa na majivu asilimia 5 bali 4. Tofauti hiyo ni ndogo, na sampuli mbili za bonde moja huweza kuizidi. Lakini kilo 10 zilezile za majivu sasa zinadai kilo 250 za mboji ya zamani, na hasara inapanda kutoka kilo 100 hadi 150. Hii ndiyo sababu sampuli moja ya kulinganishia haitoshi kamwe. Huchukuliwa kadhaa, katika mashimo tofauti na vina tofauti chini ya maji, na ikionekana kwamba majivu yanapandapanda na kushukashuka hata huko chini, bonde hilo halifai kwa njia hii.

Kosa baya zaidi ni la madini yaliyoingia kutoka nje. Katika bonde lililozungukwa na milima inayolimwa, kama yalivyo mengi ya Kigezi, Rwanda na Burundi, kila mvua kubwa huteremsha udongo mwekundu. Ikiwa kilo 3 tu za udongo huo zimetua juu ya kila meta ya mraba katika miaka 50, yaani gramu 60 kwa mwaka, basi majivu ya asili si kilo 10 bali 7. Mboji ya zamani inakuwa kilo 140, na hasara ya kweli ni kilo 43. Asiyeujua udongo huo angetangaza hasara zaidi ya mara mbili ya ile iliyotokea. Chokaa iliyomwagwa shambani, mchanga uliochanganywa na mboji, na mafuriko ya mto hufanya vivyo hivyo.

Dalili zake zinaonekana kwa anayetazama. Mboji iliyooza mahali pake huongezeka majivu taratibu kuelekea juu. Udongo ulioletwa na maji huonekana kama ukanda, majivu yakiruka ghafla katika sentimeta chache. Majivu yakisuguliwa kati ya vidole hukwaruza ikiwa yana mchanga, na vipande vya ulanga humetameta. Chokaa hujifichua kwa tone la asidi ya haidrokloriki, kwani hutoa mapovu. Moto nao hukosesha hesabu kwa upande mwingine: mboji ikiungua, upepo na mvua huchukua majivu yenyewe, na bonde huonekana limepoteza kidogo kuliko ukweli.

Hata mkono wa mpimaji unaweza kuharibu kila kitu. Mboji mbichi ni laini, na bomba lililosukumwa kwa nguvu huikandamiza. Kipande cha sentimeta 10 kikitoka kimebanwa kuwa 8, uzito wa ujazo hupanda kwa robo nzima ilhali bonde halijabadilika. Kwa hiyo kina cha shimo hupimwa na kulinganishwa na urefu wa kipande, na kipande kilichofupika hutupwa bila huruma.

Njia ya majivu ni ya lazima kwa mabonde ambayo historia yake haikuandikwa. Lakini bonde ambalo bado limejaa maji halihitaji kubahatishwa baadaye. Kabla mtaro wa kwanza haujachimbwa, fimbo moja ya chuma ishushwe mpaka udongo mgumu ulio chini, kichwa chake kiachwe sawa na ardhi, na sampuli za mboji za tangu juu hadi chini zikaushwe, zipimwe na kuhifadhiwa. Ni kazi ya siku chache, na haiwezi kufanywa tena maji yakishaondoka.