Duka la Leso Linapokua: Tovuti Ijengwe kwa Kutumia Nini?

Mwenye duka la leso Mtaa wa Biashara, Mombasa, akitaka kuuza mtandaoni, kwanza huuliza bei ya kutengenezewa tovuti. Kuna swali zito zaidi: mteja akishalipa kwa M-Pesa, tovuti itajuaje kwamba pesa imeingia?

Ukianza kwa Shopify, duka linafunguka ndani ya siku chache bila fundi. Unalipa ada ya mwezi, wao wanabeba seva na usalama. Ila njia yao wenyewe ya kupokea malipo haipo Kenya. Unalazimika kuunganisha kampuni nyingine ya malipo, na kwenye kifurushi cha Basic Shopify hukata 2% ya mauzo yanayopitia huko, juu ya makato ya kampuni hiyo. Ukiuza Sh50,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh1,000 tu, wala usijisumbue. Ukifika Sh600,000 ni Sh12,000 kila mwezi, na hapo inafaa uanze kupiga hesabu upya.

WordPress ikiwa na plagini ya WooCommerce haichukui asilimia hiyo. Utakodi seva, utamlipa mtu wa kuitunza, na utakuwa na kazi ya kuchagua plagini ya M-Pesa, jambo ambalo wengi hulipitia juujuu. Mteja akishaweka PIN, Safaricom hutuma majibu kwenye anwani maalumu ya tovuti yako. Seva ikiwa imezimika dakika hiyo, majibu yanaweza yasikufikie: pesa iko kwako, lakini agizo bado linasoma Pending payment. WooCommerce ina mpangilio uitwao Hold stock (minutes), ambao kwa kawaida huja ukiwa 60. Saa ikipita, agizo hufutwa na leso iliyolipiwa huonekana tena kuwa inauzwa. Ikiwa ndiyo ya mwisho ya mtindo huo, utajikuta na wanunuzi wawili. Linganisha maagizo yaliyoandikwa Cancelled na taarifa yako ya M-Pesa; jina likiwa kote kuwili, tatizo unalo. Kabla ya kununua plagini, uliza kama huenda yenyewe kuulizia muamala majibu yasipofika.

Na kuandikiwa programu yako mwenyewe? Kikapu na orodha ya bidhaa vimeshaandikwa na kujaribiwa na wengi. Kulipia viandikwe upya ni hasara, maana fundi akihama unabaki na kitu asichokijua mwingine. Kinachostahili kuandikwa ni kile usichokipata tayari. Mara nyingi ni daraja kati ya mashine ya mauzo ya kaunta na WooCommerce, ili leso ikiuzwa dukani ipungue pia mtandaoni. Mpe fundi kazi hiyo peke yake. Kabla ya kumlipa, zima intaneti ya duka, uza leso moja kaunta, kisha iwashe, uone kama hesabu ya tovuti itapungua bila mtu kuigusa.